Mstari wa Kutafuta Usioiona Busia

Kijana mmoja anayesomea shahada ya uzamili hapa Kisumu aliniletea kurasa tano mwezi uliopita, tukaketi nazo kibandani kwa chai na mandazi. Anataka kufanya mapitio ya kimfumo. Kwa asiyeyajua, hayo ni mapitio ambayo mtu hachagui tafiti zinazompendeza. Anaandika mapema atatafuta wapi, kwa maneno gani, na utafiti upi ataupokea na upi ataukataa, kisha anafuata alichokiandika hata kikimkera. Swali lake lilikuwa zuri: ni hatua zipi zinazoongeza mahudhurio ya wanafunzi shuleni? Mstari wake wa kutafuta katika hifadhidata ulikuwa huu:

```
(truancy OR attendance) AND (pupil OR student)
AND intervention
```

Nikamwuliza, "Ukiutumia huu, utaipata Busia?"

Akacheka. "Mwalimu, ile ya minyoo? Hiyo kila mtu anaijua, lazima itatokea."

Haitatokea eti kwa sababu kila mtu anaijua. Hifadhidata haijui umaarufu, inajua herufi. Tukafungua simu, tukausoma ule muhtasari pamoja neno kwa neno. Ni utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica, kuhusu dawa za minyoo zilizotolewa katika shule 75 za msingi za Busia. Muhtasari wake unasema mradi ulipunguza ukosaji wa shule kwa robo. Lakini neno lililotumika hapo ni `absenteeism`, na baadaye `school participation`. `attendance` halimo. `truancy` halimo. Watoto wanaitwa `children`, si `pupil` wala `student`. Na kilichofanyika kinaitwa `project` na `program`, wala si `intervention`. Mstari wa kijana ulikuwa na milango mitatu, na utafiti unaotajwa kuliko wote kuhusu mahudhurio katika magharibi mwa Kenya ungegonga yote mitatu bila kufunguliwa.

Kosa la namna hii huonekana kama uzembe wa kuchagua maneno. Mimi naliona kuwa kubwa zaidi. Mstari wa kutafuta una nadharia ndani yake kuhusu kwa nini mtoto hayuko darasani, na aliyeuandika mara nyingi hajui kwamba ameiandika.

Chukua hilo neno `truancy`. Kwa Kiswahili tunalo la kwake: utoro. Mtoro ni mtoto aliyeamua. Anaondoka nyumbani na sare na mkoba, halafu anaishia ziwani kuogelea. Wapo, niliwafundisha. Lakini nilipokuwa na darasa la nne, viti vingi vilivyobaki wazi havikuwa vya watoro. Vilikuwa vya aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula, wa malaria, wa siku ya soko, na wa msichana aliyebaki na mtoto mchanga mama akienda shambani. Hao hatukuwaita watoro, tulisema tu "amekosa shule". Mtafiti anayetafuta kwa neno la utoro atapata washauri nasaha, barua kwa wazazi, polisi na mahakama, yaani tafiti za nchi ambako shida inadhaniwa kuwa tabia ya mtoto au ya mzazi. Hatapata dawa, sare, maji wala chakula. Kisha ataandika kwa moyo mweupe kwamba ushahidi mwingi kuhusu mahudhurio unatoka Marekani.

Basi tukauvunja mstari wake. Jambo la kwanza lilikuwa kukata mashina ya maneno. Ukiandika `absen*`, kinyota kinashika `absent`, `absence` na `absenteeism` kwa pamoja. Hilo lilihitajika pia kwa ajili ya utafiti wa Nyanza, ule wa Freeman na wenzake wa mwaka 2012 kuhusu maji, usafi na vyoo katika shule 135, kwa sababu kichwa chake kinasema `pupil absence`. Kijana akafurahi, akaujaribu mstari mpya papo hapo, na simu ikaleta mafuriko.

Sababu ya mafuriko inachekesha ukishaijua. Waandishi wa sayansi kwa Kiingereza hawawezi kumaliza ukurasa bila kusema `in the absence of`. Kila makala ya kemia ambamo kitu fulani hakikuwepo, ikitaja na `school of medicine` mahali fulani, inaingia wavuni. Ukiongeza `attend*` unawaleta akina mama wa kliniki na wakunga, maana nako kuna mahudhurio. Hapa wengi hukata tamaa na kurudi kwenye neno moja jembamba, na ndivyo mistari kama ule wa kwanza inavyozaliwa: si kwa kutojua maneno mengine, ila kwa kuchoka na takataka.

Dawa yake ni ukaribu. Hifadhidata kubwa zinakuruhusu kudai kwamba maneno mawili yawe jirani. Katika Web of Science huandikwa hivi, `TS` ikimaanisha kutafuta ndani ya kichwa, muhtasari na maneno muhimu:

```
TS=(school* NEAR/5 (attend* OR absen* OR truan*
OR participat*))
AND TS=(random* OR trial* OR experiment*
OR lotter* OR "comparison group*" OR "control group*")
```

Yaani neno la shule na neno la kuhudhuria au kukosa yasitenganishwe na maneno zaidi ya matano. Sasa `in the absence of` iliyo mbali na shule inaanguka, na `school absenteeism` ya Busia inabaki. Katika Scopus ukaribu huandikwa `W/5`, kwa hiyo mstari hauwezi kunakiliwa tu kutoka hifadhidata moja hadi nyingine. Lazima uandikwe upya kwa kila moja, na kila toleo lihifadhiwe pamoja na tarehe ya siku ulipotumika. Ona pia kwamba tumeondoa kabisa mlango wa `intervention`. Hakuna anayelazimika kuuita mradi wake hivyo. Tumeondoa na mlango wa wanafunzi, kwa kuwa `school*` inatosha.

Takataka nyingine hazikwepeki. Kenya kuna tafiti nyingi za walimu wasiofika kazini, nazo zina shule na ukosaji vikiwa bega kwa bega. Kijana alitaka kuongeza `NOT teacher*`. Nilimkatalia. Utafiti wa Vermeersch na Kremer kuhusu chakula cha asubuhi katika shule za chekechea za magharibi mwa Kenya unataja ukosaji wa walimu ndani ya muhtasari wake huohuo unaoeleza mahudhurio ya watoto. Ungefutwa bila hata kuonekana. Ni heri kusoma vichwa mia tatu vya walimu kwa jioni mbili kuliko kutojua ulichokitupa.

Sasa, utajuaje mstari wako unafanya kazi? Wingi wa matokeo hauonyeshi chochote. Njia ninayoiamini ni kukusanya kwanza tafiti ambazo tayari unajua zinastahili kuingia, kwa kuuliza wajuzi na kusoma mapitio ya zamani, bila kutumia mstari wenyewe. Kisha unautumia mstari na kuangalia ni zipi zimerudi. Kila inapokosekana moja, unauliza swali la pili: je, imo katika hifadhidata hii? Kama imo na haikurudi, mstari una tundu, urekebishe. Kama haimo, mstari hauna hatia, na kuuongezea maneno ni kupoteza muda. Tatizo ni mahali unapotafuta.

Utafiti wa sare ulitufundisha hilo. David Evans, Kremer na Mũthoni Ngatia waliangalia watoto wa Busia waliopewa sare za shule kwa kura. Kwa miaka mingi matokeo yao yalizunguka kama ripoti isiyochapishwa jaridani. Toleo la jarida lilitoka mwaka 2021 katika The World Bank Economic Review. Aliyefanya mapitio mwaka 2012 kwa kutumia Scopus peke yake asingeuona hata kwa mstari uliobarikiwa. Ilibidi aende kwenye tovuti za mashirika, hifadhi za karatasi za uchumi na daftari za usajili wa majaribio, au afuate marejeo ya tafiti nyingine nyuma na mbele. Kwa swali la mahudhurio Afrika Mashariki sehemu hiyo ni nusu ya kazi, wala si nyongeza ya kumalizia. Naongeza hapo tasnifu zilizo katika maktaba za vyuo vyetu, ambazo nyingi hazina kundi la ulinganisho na zitakataliwa, lakini zikataliwe zikiwa zimesomwa.

Na utafiti huo wa sare una mtego wa pili. Ripoti ya zamani ilisema sare zilipunguza ukosaji wa shule kwa zaidi ya asilimia 40. Makala ya 2021 inasema asilimia 37, kisha inaongeza jambo ambalo ripoti ya kwanza isingeweza kulijua: miaka minane baada ya mradi kuanza, hakukuwa na ushahidi kwamba watoto hao walifika darasa la juu zaidi au walimaliza shule ya msingi kwa wingi zaidi. Mchujaji asiye makini atazihesabu kama tafiti mbili zinazokubaliana. Ni utafiti mmoja wenye karatasi mbili. Kinachohesabiwa katika mapitio ni jaribio, si karatasi, na karatasi zote za jaribio moja hufungwa pamoja kabla ya namba yoyote kuchukuliwa.

Tukaagiza chai nyingine, tukageukia vigezo vya kupokea na kukataa. Cha kwanza kwenye rasimu yake kilisomeka: "Hatua iwe imelenga kuboresha mahudhurio." Kinasikika cha busara, na kinaiua Busia kwa mara ya pili. Dawa za minyoo hulenga minyoo. Sabuni na maji hulenga kuhara. Kijana akajitetea kwamba bila kigezo hicho ataletewa kila kitu chini ya jua. Nikamwambia abadilishe sharti litoke kwenye nia liende kwenye kipimo: hatua yoyote ile, mradi mahudhurio ya watoto yalipimwa katika kundi lililopata na kundi ambalo halikupata. Nia ya mtu huwezi kuihakiki kutoka kwenye karatasi. Kipimo unaweza.

Lakini ukisema "mahudhurio yalipimwa", umesema nini? Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa mapitio mengi hujumlisha machungwa na mawe.

Tuseme darasa lina watoto 40 mwanzoni mwa mwaka. Mwezi wa sita watano wameacha shule kabisa. Siku unayofika, waliopo ni 30. Mwalimu aliyewafuta wale watano kwenye rejista atakupa 30 kati ya 35, karibu asilimia 86. Asiyewafuta atakupa 30 kati ya 40, asilimia 75. Watoto ni walewale, siku ni ileile. Na shule ambayo watoto wake wanaacha kwa wingi itaonekana inapata nafuu kadiri inavyowafuta. Rejista ina mambo yake mengine pia: tangu elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003 fedha za serikali hufuata idadi ya watoto walioandikishwa, basi kufuta jina si uamuzi wa kalamu tu. Na nani hajawahi kuona rejista ya wiki nzima ikijazwa Ijumaa mchana?

Kule Busia watafiti waliikwepa rejista. Watu wao walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu waliopo, na mtoto aliyeacha shule aliendelea kuhesabiwa kama hayupo. Ndiyo maana walisema `participation`: kipimo chao kinameza ukosaji na uachaji kwa pamoja. Kule Nyanza watoto wenyewe waliulizwa kuhusu siku walizokosa katika wiki mbili zilizopita. Hizo ni njia mbili za kupima zinazojibu maswali mawili yanayofanana kwa sura. Sikumwambia kijana akatae mojawapo. Nilimwambia kigezo kitaje njia zinazokubalika, kisha kila utafiti uandikwe: nani alihesabu, shule ilijua anakuja au la, na mtoto aliyeacha aliwekwa wapi. Tafiti za rejista peke yake zipokelewe lakini zisimame kando, ili msomaji aone kama jibu linabadilika zikiondolewa.

Nyanza ina somo jingine linalogusa watu wa huku kwa karibu. Kwa ujumla wake jaribio halikuonyesha kwamba ukosaji wa shule ulipungua. Katika maeneo ambayo hayakuguswa na vurugu za baada ya uchaguzi, wasichana katika shule zilizopata dawa ya maji na mafunzo ya usafi walionekana kukosa kwa uchache zaidi, na uwiano wa uwezekano wa kukosa ulishuka kwa asilimia 58. Namba hiyo ya pili hunukuliwa sana, ya kwanza kwa nadra. Mapitio yanayoruhusu mchujaji kuchagua namba baada ya kuziona yataichukua 58. Kwa hiyo kigezo kiandikwe sasa, chai ikiwa bado moto: matokeo makuu ni ya jaribio zima, ya vikundi vidogo huandikwa pembeni na kuitwa hivyo.

Kigezo kilichomshangaza kijana kilikuwa cha mwisho. Alikuwa ameandika "majaribio ya nasibu pekee", yaani yale ambayo kura ndiyo huamua nani apate na nani asipate, akijua Busia itapita, kwa kuwa muhtasari wenyewe unasema shule ziliingizwa kwa nasibu. Nikamwomba asome sehemu ya mbinu ndani ya makala. Shule zilipangwa kwanza kwa eneo na kwa miradi mingine iliyokuwapo, kisha zikaorodheshwa kwa alfabeti, na kila ya tatu ikaingia kundi lake. Makundi matatu ya shule 25: la kwanza likapata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Orodha ya alfabeti si kura. Huenda haina madhara yoyote, maana ni vigumu kufikiria minyoo inayojali herufi ya kwanza ya jina la shule, lakini kwa wanaofuata kanuni kwa ukali ni nasibu nusu, na mapitio kuhusu dawa za minyoo ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tiba, yaliichukulia hivyo.

Kijana akakunja uso. "Sasa Mwalimu, niitupe?"

Asiitupe. Lakini pia asijifanye hakusoma. Aandike kwamba anapokea majaribio ya nasibu na ya nasibu nusu, aeleze orodha ya zamu kama hiyo ya Busia kwa mfano, na shaka hiyo aipeleke kwenye hatua ya kupima ubora wa kila utafiti. Tofauti ya kukataa na kupokea kwa tahadhari ni kwamba kwa njia ya pili msomaji anaiona shaka yenyewe. Na kwa Busia shaka ni nyingi kuliko hiyo: mwaka 2015 data ileile ilichambuliwa upya na watafiti wa Uingereza katika International Journal of Epidemiology, makosa ya hesabu yakapatikana hasa kuhusu faida kwa shule za mbali, na mabishano yakaendelea hadi magazetini. Karatasi hizo za 2015 nazo hufungwa kwenye furushi lilelile la jaribio moja.

Tulibaki na jambo moja ambalo hatukukubaliana. Ule utafiti wa chakula cha asubuhi ulifanyika katika chekechea 25 zilizopewa chakula na nyingine 25 za kulinganisha, na ushiriki wa watoto ulikuwa juu kwa asilimia 30 palipokuwa na chakula. Kijana anataka shule za msingi tu. Anasema mtoto wa chekechea hakosi shule, anakosewa shule na mzazi, na kumchanganya na wa darasa la sita ni kuchanganya maswali mawili. Mimi nasema huku kwetu chekechea nyingi ziko ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na mtoto hufuatana na dada yake asubuhi. Chakula kinachomleta mdogo kinaweza kumleta na mkubwa. Ana hoja, nami ninayo. Amekwenda kumuuliza msimamizi wake, na nimemsihi kwamba jibu lolote watakaloafikiana liandikwe na tarehe yake kabla hajafungua faili la matokeo.

Mstari wake mpya aliujaribu nyumbani usiku ule. Tafiti za Kenya tulizokuwa tumeziorodhesha zilirudi zote isipokuwa hiyo ya chekechea, na alipoitafuta kwa jina akakuta haimo kabisa katika hifadhidata aliyotumia.